"Simba" Peke Yake: Matokeo Yanayoulizwa kwa Chombo Kisichouona Uwanja

Mtu anayeandika neno "Simba" peke yake kwenye programu ya akili mnemba, majira ya saa 3 usiku siku ya mechi, hajaandika sentensi pungufu. Ameuliza swali kamili kwa namna ileile ambayo mashabiki wa mpira wamezoea kuulizana: anataka matokeo, anayataka sasa, na haoni sababu ya kueleza mengine. Anayepita kijiweni akasema "Jamani, ngapi ngapi?" hujibiwa papo hapo, kwa sababu waliokaa pale wanajua ni mechi gani, imeanza saa ngapi, na kwamba muda si mrefu kelele za bao zimesikika kutoka kwenye banda la kuoneshea mpira la mtaa wa pili. Ufupi wa swali unabebwa na mambo ambayo muulizaji na waulizwa wanayajua kwa pamoja.

Programu hizi hazikukaa kijiweni. Zimefunzwa kwa maandishi mengi mno yaliyokusanywa hadi tarehe fulani, kisha mafunzo yakafungwa, na yote yaliyotokea baada ya hapo hayamo ndani yake. Programu isiyounganishwa na chanzo cha habari cha nje haina saa ya ukutani, haijui kama leo ni Jumamosi, wala haina njia ya kujua kwamba mpira umeanza. Kutoona huko si kasoro ya kuonea haya, kwani gazeti la asubuhi nalo halioni mechi ya jioni na hakuna anayelilaumu. Ninachokipinga katika makala haya ni kitu kingine: tabia ya kujibu kwa tarakimu zisizo na tarehe, ambazo zinafanana kwa kila hali na matokeo halisi, na ambazo msomaji mwenye haraka hawezi kuzitofautisha na ukweli.

Ili kuona tofauti hiyo ilipo, tuangalie kwanza matokeo ya mubashara yanavyoifikia simu. Yupo mtu, ama uwanjani ama mbele ya picha za televisheni, ambaye kazi yake ni kuingiza kila tukio kwenye mfumo: bao, kadi, mabadiliko, mapumziko. Kampuni za takwimu za michezo kama Opta na Sportradar huajiri watu wa namna hiyo, kisha huuza taarifa hizo kwa programu za matokeo, kwa vituo vya televisheni na kwa kampuni za kubashiri. Simu inapopiga mlio wa bao, nyuma yake kuna mtu aliyeliona na akabonyeza kitufe. Ndiyo maana mlio huo wakati mwingine hutangulia picha ya anayeangalia kupitia intaneti, ambayo huchelewa kwa sekunde kadhaa au zaidi, na ndiyo maana pia bao linaweza kuonekana kwenye simu kisha likafutwa, pale mshika kibendera anapokuwa amenyoosha mkono na mwingiza taarifa akawa amewahi mno.

Katika mnyororo huo kila tarakimu ina asili yake: nani aliiona, saa ngapi, na mchezo ukiwa katika hali gani. Programu ya lugha hufanya kazi kwa namna tofauti kabisa, kwa kuwa inatabiri maneno yanayoelekea kufuata maneno yaliyotangulia. Ikiwa imesoma ripoti nyingi za mechi zinazoanza na jina la Simba, itajua vizuri kwamba baada ya jina hilo hufuata neno kama "imeibuka", kisha "na ushindi wa mabao", kisha tarakimu mbili. Tarakimu hizo zitakuwa za kuaminika kwa sura, pengine 2-1 au 1-0, kwa sababu hayo ni miongoni mwa matokeo yanayojirudia zaidi katika soka. Kwa sababu hiyohiyo ubashiri wa namna hiyo utapatia mara mojamoja, na huko kupatia, kwa maoni yangu, kunadhuru kuliko kukosea, kwani kunamfanya mtu aamini kwamba chombo kinaona.

Kabla hatujafika kwenye tarakimu lipo swali la timu yenyewe. Kwa msomaji wa Dar es Salaam Simba ni moja tu, klabu ya Msimbazi iliyoanzishwa mwaka 1936 na kuchukua jina hilo mwaka 1971 baada ya kuitwa Sunderland. Lakini Uganda nayo ilikuwa na Simba yake, timu ya jeshi iliyofika fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1972 na kufungwa na Hafia ya Conakry. Timu ya taifa ya raga ya Kenya, ile ya wachezaji 15, hujulikana kama Simbas, na timu ya taifa ya soka ya Kongo iliitwa Simba kwa miaka kadhaa kabla ya kurudia jina la Chui. Ugumu ni huohuo kwa majina ya Ulaya tunayodhani hayana utata: kuna Arsenal nchini Argentina, Everton nchini Chile, Liverpool nchini Uruguay na Barcelona nchini Ekwado, na zote ni klabu za kweli ambazo matokeo yake huonekana katika orodha zilezile.

Sidhani kwamba dawa ya utata huo ni kumrushia muulizaji maswali. Aliyeandika "Simba" kwa Kiswahili, bila neno lingine, karibu siku zote anaikusudia Simba ya Msimbazi, na kumuuliza kama anazungumzia raga ya Kenya au mnyama wa Serengeti ni kumchosha bure. Inatosha kuchukua maana inayoelekea zaidi na kuitaja wazi, ili kama si hiyo aweze kurekebisha kwa neno moja. Pale ambapo majina yanakaribiana mno ndipo swali fupi linapostahili. Mwenye kuandika "Ahly" anaweza kuwa anaitafuta klabu ya Kairo iliyocheza na Simba katika African Football League mwezi Oktoba 2023, au Al Ahli ya Tripoli iliyocheza na Simba katika Kombe la Shirikisho mwezi Septemba 2024, na hapo hakuna mantiki ya lugha wala ya mahali inayoweza kuamua peke yake, kwa kuwa zote mbili zimekuja Uwanja wa Benjamin Mkapa.

Sasa tuchukue siku moja na kuipitia kwa utaratibu, nayo ni tarehe 8 Machi 2025. Ratiba ya Ligi Kuu Tanzania Bara ilionesha kwamba Yanga ingeikaribisha Simba Uwanja wa Benjamin Mkapa saa 1:15 usiku. Jioni ya tarehe 7 Simba ilikwenda uwanjani hapo kufanya mazoezi, ikasema imezuiwa kuingia, na baadaye ikatoa taarifa kwamba haitacheza. Mchana wa siku ya mchezo Bodi ya Ligi ikatangaza kuuahirisha. Yanga ikashikilia msimamo kwamba mchezo upo kama ulivyopangwa na ikafika uwanjani jioni, lakini mpira haukuchezwa. Mchezo ulipangiwa tarehe nyingine mwezi Juni, nayo ikasogezwa, hadi ulipochezwa tarehe 25 Juni 2025 na Yanga ikashinda kwa mabao 2-0 na kutwaa ubingwa.

Mtu aliye safarini, labda ndani ya basi linalotoka mkoani, ambaye hakusikia lolote mchana kutwa, anaandika "Simba" saa 3 usiku wa tarehe 8 Machi. Jibu la kweli ni kwamba hakuna matokeo, kwa sababu hakuna mchezo. Chombo kisicho na habari za siku hiyo kingeweza kukosea kwa njia tatu, na kila moja ina sura yake.

Njia ya kwanza ni kumbukumbu ya zamani kuvaa nguo za leo. Mara ya mwisho kwa watani hao kukutana kwenye ligi kabla ya siku hiyo ilikuwa tarehe 19 Oktoba 2024, Yanga ikashinda 1-0. Programu iliyofunzwa kwa maandishi ya wakati huo ingeweza kusema "Simba imefungwa 1-0 na Yanga", na sentensi hiyo ingekuwa kweli tupu kama ingebeba tarehe yake. Bila tarehe, yule abiria anaisoma kama habari ya usiku huohuo, anamtumia ujumbe shemeji yake wa Yanga kumpongeza, na shemeji anabaki akishangaa.

Njia ya pili ni ratiba kugeuzwa kuwa tukio. Ratiba ni ahadi tu, hata kama imechapishwa na chombo rasmi, na katika ligi zetu ahadi hiyo huvunjwa kwa sababu nyingi: timu iko safarini kwa michuano ya Afrika, uwanja umefungiwa, au taifa limeita wachezaji. Chombo kinachojua kwamba mchezo ulipangwa saa 1:15, kisha kikahesabu kwamba saa 3 usiku mpira unakaribia kuisha au umeisha, kimepiga hesabu sahihi juu ya msingi usiokuwepo. Programu za matokeo zina alama ya hali hiyo, kwa kawaida `Postp.`, na alama hiyo hubeba habari nyingi kuliko tarakimu yoyote ambayo ingewekwa mahali pake.

Njia ya tatu inawahusu hata wale wanaodhani wametatua tatizo kwa kuiunganisha programu na utafutaji wa intaneti. Siku ya mechi kubwa mtandao hujaa kurasa ambazo si za matokeo ingawa zina tarakimu za matokeo. Ziko kurasa za utabiri, zinazoandikwa kwa ajili ya wenye mikeka, ambazo huweka wazi kabisa "Yanga 2-1 Simba" kama ubashiri wa mwandishi. Ziko makala za kuelekea mchezo, ambazo hukumbusha kwamba tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Chombo kinachosoma haraka kurasa hizo kinaweza kuokota tarakimu kutoka kwenye utabiri au kwenye historia na kuitoa kama habari, na safari hii kikiwa na kiungo cha ukurasa halisi kinachompa msomaji imani zaidi. Mchezo huo wa Novemba una mtego wa ziada: Simba ndiyo iliyokuwa mwenyeji, kwa hiyo katika orodha unaandikwa Simba 1-5 Yanga, na asiyeangalia mpangilio wa mwenyeji na mgeni anaweza kuugeuza ushindi ukawa kipigo.

Ukweli wa usiku ule ulikuwa unapatikana mahali rahisi sana, yaani katika taarifa ya Bodi ya Ligi na katika kurasa za klabu zenyewe. Jibu ambalo chombo kisichoona kingeweza kulitoa kwa uaminifu lingekuwa kwamba hakiwezi kuthibitisha kama mchezo umechezwa, na kwamba taarifa za bodi na za klabu ndizo za kuangaliwa kwanza. Kwa yule abiria jibu hilo lingekuwa na faida kubwa, kwani angefungua ukurasa mmoja tu na kukutana na neno "kuahirishwa".

Kuna aina nyingine ya upotoshaji ambayo huniudhi zaidi, kwa sababu humo tarakimu na tarehe zote ni sahihi. Tarehe 3 Juni 2023 Yanga ilicheza ugenini Algiers dhidi ya USM Alger, mkondo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Aliyeandika "Yanga" usiku ule akajibiwa "Yanga imeshinda 1-0" alipewa matokeo sahihi ya mchezo huo, yaliyopatikana kwa penalti ya Djuma Shabani mapema katika kipindi cha kwanza. Lakini kombe lilibaki Algiers. Katika mkondo wa kwanza, tarehe 28 Mei jijini Dar es Salaam, USM Alger ilishinda 2-1, kwa hiyo jumla ikawa 2-2 na waarabu hao wakatwaa ubingwa kwa sababu ya mabao mawili waliyofunga ugenini dhidi ya moja la Yanga.

Sheria ya bao la ugenini yenyewe inahitaji tarehe na jina la mashindano. Shirikisho la Ulaya, UEFA, liliiondoa kuanzia msimu wa 2021/22, lakini Shirikisho la Afrika, CAF, liliendelea nayo katika fainali hiyo ya mwaka 2023. Mtu aliyezoea kufuatilia Ligi ya Mabingwa Ulaya angeona jumla ya 2-2 na kusubiri dakika 30 za nyongeza. Miezi michache baadaye, katika African Football League, Simba ilitoka sare ya 2-2 na Al Ahly jijini Dar es Salaam tarehe 20 Oktoba 2023, kisha sare ya 1-1 Kairo tarehe 24, na ikatolewa bila kufungwa mchezo hata mmoja. Anayepewa tarakimu ya 1-1 peke yake hawezi kujua kama asherehekee au aende kulala.

Ndiyo maana nasema kwamba tarakimu mbili na mstari katikati ni sehemu tu ya jibu. Katika michuano ya mikondo miwili jibu linalofaa hutaja mchezo, jumla, na nani amepita. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Simba na RS Berkane ya Moroko mwaka 2025 ni mfano ulio rahisi zaidi: 2-0 kwa Berkane tarehe 17 Mei, 1-1 Uwanja wa Amaan Zanzibar tarehe 25 Mei, jumla 3-1. Sentensi moja inatosha kusema yote hayo, na bila jumla sare ya Zanzibar haimwambii msomaji kombe limekwenda wapi.

Upo pia mchezo ambao haukuchezwa na bado una matokeo. Mwezi Aprili 2024 USM Alger na RS Berkane, wapinzani walewale ambao timu zetu zilikutana nao katika fainali hizo, walipaswa kucheza nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Mzozo ukazuka juu ya ramani iliyochapwa kwenye jezi za Berkane, mchezo wa Algiers haukuchezwa, na CAF ikaipa Berkane ushindi wa 3-0 mezani. Anayeuliza usiku wa siku ya mchezo anapaswa kuambiwa kwamba haukuchezwa, na anayeuliza wiki moja baadaye anapaswa kuambiwa 3-0. Majibu yote mawili ni ya kweli, na kinachoyatenganisha ni tarehe ya kuuliza, kitu ambacho programu isiyo na kalenda haikijui.

Msomaji anaweza kujikinga vipi? Kipimo changu cha kwanza ni majina ya wafungaji, kwa sababu mchezaji ni muhuri wa wakati. Fiston Mayele aliondoka Yanga mwaka 2023 kwenda Pyramids ya Misri, kwa hiyo taarifa ya "leo" inayosema Mayele ameifungia Yanga imetoka kwenye kumbukumbu ya msimu wa 2021/22 au 2022/23. Clatous Chama alikuwa Simba hadi alipohamia Yanga katikati ya mwaka 2024. Anayeambiwa kwamba Chama ameipa Simba bao la ushindi, bila mwaka kutajwa, anapaswa kusimama hapo na kuuliza ni Simba ya lini. Shabiki wa kawaida ana silaha hii tayari kichwani mwake, kwa kuwa anawajua wachezaji kuliko anavyojua tarehe, na kinachohitajika ni kuitumia kabla hajasambaza habari kwenye kundi la familia.

Kipimo cha pili ni kumtafuta mpinzani. Jibu linalosema timu imeshinda 2-1 bila kutaja imemfunga nani, wapi, na katika mashindano gani, karibu kila mara ni jibu ambalo halikutoka kwenye chanzo. Ripoti ya kweli haiwezi kumkosa mpinzani, ilhali tarakimu ya kubahatisha haina haja naye.

Kwa mechi za Ulaya utata mkubwa uko kwenye saa. Mchezo wa Ligi Kuu ya Uingereza unaoanza saa 9 alasiri huko huonekana Afrika Mashariki saa 11 jioni wakati wa majira yao ya joto na saa 12 jioni wakati wa baridi, kwa kuwa wao husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba nasi hatusogezi. Ligi ya Mabingwa inayoanza saa 2 usiku jijini London huanza kwetu saa 4 au saa 5 usiku kutegemea majira. Mechi inayoanza saa 5 huisha karibu na saa 7 usiku, na kufikia hapo simu ya Dar es Salaam au Nairobi inaonesha tarehe ya kesho yake wakati uwanja bado uko kwenye tarehe ya jana. Muulizaji anayeandika "Arsenal leo" dakika hizo anaongelea mchezo ambao katika kumbukumbu zote umeandikwa kuwa ni wa jana, na chombo kinachofuata tarehe ya simu kwa ukaidi kitamjibu kwamba leo Arsenal haichezi. Ongeza hapo kwamba "saa 4" ya Mswahili inaweza kusomwa na mfumo uliofunzwa kwa Kiingereza kama saa kumi jioni, na mtu anaambiwa mechi imekwisha kabla hata wachezaji hawajapasha misuli.

Hata filimbi ya mwisho haiaminiki siku zote. Tarehe 12 Januari 2022, katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Kameruni, mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza filimbi ya kumaliza mchezo wa Mali na Tunisia katika dakika ya 85, akagundua, ukaendelea, kisha akaumaliza tena kabla dakika ya 90 haijatimia. Baadaye timu zikaitwa zirudi, Tunisia ikakataa, na matokeo ya 1-0 kwa Mali yakabaki. Mchezo kama huo hutokea mara chache, lakini unaonesha kwa nini hata anayeona mubashara anaweza kulazimika kusubiri kabla ya kuandika `FT`.

Basi chombo kisichoona kijibu nini kinapopokea neno "Simba"? Wapo wanaoona kwamba kikiri kutojua na kinyamaze. Sikubaliani nao, kwa sababu jibu la "siwezi kuona matokeo ya moja kwa moja" likiishia hapo linamwacha muulizaji alipokuwa, tena baada ya kumtumia bando lake. Kuna kosa la upande wa pili, ambalo nadhani ndilo linalokera zaidi: kuligeuza neno moja kuwa kisingizio cha kuandika aya sita za historia ya klabu, kuanzia mwaka 1936, pamoja na rangi za jezi na jina la utani. Mtu anayetaka historia huandika zaidi ya neno moja, na hasa hachagui saa 3 usiku ya Jumamosi kuiuliza.

Jibu ninaloliona kuwa la haki ni fupi na lina mpangilio. Linaanza kwa kutaja timu iliyoeleweka, yaani Simba ya Dar es Salaam. Linasema katika sentensi ileile kwamba matokeo ya sasa hayaonekani kutoka hapo, ili msomaji asiyesoma zaidi ya mstari mmoja asipotoshwe. Linaelekeza mahali mahsusi pa kuangalia, kwa mfano kurasa za klabu au za Bodi ya Ligi kwa mchezo wa ligi, za CAF kwa michuano ya Afrika, au programu ya matokeo kama Flashscore kwa anayetaka dakika kwa dakika. Kisha, endapo kuna jambo linalojulikana kwa uhakika, linalitoa likiwa na tarehe yake kamili na kwa maneno yasiyoweza kudhaniwa ni ya leo. Mwishoni linaacha mlango wazi kwa swali moja, kama alikuwa anataka ratiba, msimamo au habari za usajili, kwa kuwa "Simba" ya mwezi Julai, ligi ikiwa imesimama, aghalabu ni swali la nani amesajiliwa.

Mpangilio huo una sababu. Tarehe ikiwekwa mwishoni mwa aya, baada ya tarakimu, wengi hawaifikii, kwani jicho la shabiki huenda moja kwa moja kwenye mabao. Inapaswa kutangulia: "Tarehe 25 Juni 2025, Yanga 2-0 Simba, Ligi Kuu." Maneno machache, na hakuna anayeweza kuyasoma mwaka mwingine akadhani ni ya usiku wake. Kwa programu iliyounganishwa na utafutaji sharti linaongezeka: itaje ukurasa ulisasishwa saa ngapi na mchezo ulikuwa dakika ya ngapi, kwa sababu 1-0 ya dakika ya 60 iliyosomwa dakika ya 88 inaweza kuwa imekwisha kupitwa na bao la kusawazisha, kama Berkane walivyosawazisha Amaan katika dakika za mwisho kabisa.

Wenye mikeka ndio wanaodhurika zaidi na uzembe katika jambo hili, kwa kuwa wengine huamua kuuza tiketi kabla ya mchezo kuisha kwa kutegemea tarakimu waliyoiona punde. Tarakimu ya kubuni hapo hugeuka kuwa hasara ya fedha taslimu, na kampuni ya kubashiri haitakubali utetezi kwamba matokeo yalisomwa mahali pengine. Kwao, chombo kisichoona uwanja hakifai kuwa chanzo cha matokeo hata kidogo, kiwe kimeunganishwa na intaneti au hakijaunganishwa. Kinaweza kuwafafanulia kanuni ya bao la ugenini, au kwa nini mchezo ulioahirishwa hurudishiwa dau katika kampuni moja na kusubiriwa katika nyingine, na wakishaelewa hayo warudi kwenye ukurasa wenye dakika zinazosonga.